Vipande vya sentensi katika Kiingereza: kipi ni kosa, kipi kiachwe

Kijana mmoja wa Ujiji anayetembeza wageni alikuja na flashi yake hapa ninapochapia barua za watu, jirani na stesheni ya Kigoma. "Shikamoo mwalimu. Nisafishie hii kidogo, unitolee kopi hamsini za kuwapa wageni, na moja niibandike kwenye barua ya maombi ya kazi." Mimi niliacha kufundisha zamani, lakini mjini hapa ukishashika chaki jina halikutoki. Nikafungua faili lake. Lilikuwa aya moja tu, habari za meli ya Liemba:

> The Liemba was built in Germany in 1913. Because no ship can sail from the sea to Lake Tanganyika. It was taken apart and sent to Kigoma in crates. Its own crew sinking it in July 1916. Nearly eight years at the bottom of the lake. Was raised in 1924 and went back to work in 1927.

Habari zenyewe ni za kweli, na maneno mengi yameandikwa sawasawa. Lakini kuna nukta sita na sentensi mbili tu. Vilivyobaki vinne ni vipande: vimeanza kwa herufi kubwa, vimeishia kwa nukta, ila havijitoshelezi. Kati ya hivyo vinne, vitatu ni makosa ya wazi. Kimoja nilikaa nacho nikikitazama, kwa sababu kingeweza kuwa kitu kizuri kuliko vyote katika aya ile. Nitatumia aya hii hii kuonyesha jinsi ninavyovinasa vipande, ninavyovitengeneza, na ninavyoamua kipi nikiache kama kilivyo.

Hatua ya kwanza: soma kutoka chini kwenda juu

Ukisoma aya kwa mpangilio wake, akili inaunganisha yenyewe. Unaona "Because" na tayari una sentensi iliyotangulia kichwani, hivyo unapita bila kujikwaa. Ndiyo maana mwandishi mwenyewe haoni vipande vyake. Anza na nukta ya mwisho. Chukua maneno yaliyo kati yake na nukta iliyotangulia, yafunike mengine kwa karatasi, usome hayo peke yake. Kisha panda kwa inayofuata. Kila sehemu ikisimama peke yake bila jirani wa kuiegemea, iliyokatika inajulikana mara moja.

Hatua ya pili: ipime kwa maneno manne

Maneno hayo ni "It is true that". Yaweke mbele ya ile sehemu, herufi kubwa uifanye ndogo, usome kwa sauti. Kikisimama ni sentensi. Kikiyumba ni kipande.

"It is true that the Liemba was built in Germany in 1913." Imesimama.

"It is true that because no ship can sail from the sea to Lake Tanganyika." Anayekusikiliza bado amekodoa macho: enhe, kwa hiyo?

"It is true that its own crew sinking it in July 1916." Imepinda.

"It is true that was raised in 1924 and went back to work in 1927." Nani aliinuliwa?

"It is true that nearly eight years at the bottom of the lake." Hata kitenzi hakuna.

Kipimo hiki kina mipaka miwili. Amri na maswali vinakishinda ingawa ni sentensi kamili: "Close the door." haikubali kutanguliwa na maneno hayo, lakini haina kasoro yoyote. Na kama sehemu imeanza na "And", "But" au "However", liondoe kwanza hilo neno kabla ya kupima. "But it was raised in 1924." ni sentensi kamili, hilo "But" ni la mlangoni tu, halifungi kitu.

Urefu pia usikudanganye. "It sank." ni maneno mawili na ni sentensi kamili kabisa. Kipande cha "Because" hapo juu kina maneno kumi na moja na bado hakijafika popote. Wengi wetu tulifundishwa darasani kwamba sentensi ya Kiingereza haianzi na "Because". Huo ni uzio waliotuwekea tusianguke shimoni. "Because no ship can sail there, it was sent in crates." imeanza na neno hilo hilo na haina ubaya, kwa sababu imemaliza safari yake.

Hatua ya tatu: tambua kilichokosekana

Hapa Kiswahili chetu ndicho kinachotuponza, na ukielewa kinakuponza wapi, nusu ya kazi umeimaliza.

Chukua "iliinuliwa". Neno moja, lakini ndani yake mna kila kitu: "i-" ni ile meli, "-li-" ni wakati uliopita, na mwisho kuna tendo lenyewe. Ukisema "Iliinuliwa mwaka 1924," hakuna wa kukuuliza umalizie. Kiingereza kimevigawa vitu hivyo, na kiima kina neno lake la peke yake. Kijana wangu aliandika "Was raised" akidhani amehamisha neno zima, kumbe ile "i-" imebaki Ujiji. Dawa yake ni neno moja, "It".

Ndugu wa kosa hilo ni lile la kukosa kitenzi kabisa. Sisi tunasema "Ziwa shwari leo," "Dagaa bei juu," na sentensi imekamilika. Mtu akihamisha hivyo hivyo anapata "The lake calm today." Kiingereza kinadai "is" yake, na bila hiyo hakuna sentensi.

Ya pili ni ile ya "sinking". Hii inawasumbua hata walioko chuo, kwa sababu inafanana na kitenzi, na kweli ni kitenzi, ila hakina wakati. Jaribu kukiwekea jana na kesho. "Sank" ni ya jana, "will sink" ni ya kesho. "Sinking" hutaiona ikibadilika, iko vile vile siku zote. Nikawa nawaeleza watu hivyo kwa miaka na hawanielewi vizuri, mpaka nilipogundua kwamba sikio la Mswahili tayari linaijua kasoro hii. Sema kwa sauti: "Mabaharia wake wakiizamisha Julai 1916." Unangoja, sivyo? Wakiizamisha, ikawaje? Kiambishi "-ki-" kinakuacha unaning'inia. Basi kila unapoona neno la "-ing" likiwa peke yake, lisikie kama "-ki-". Na kama tunavyokiokoa kwa kusema "walikuwa wakiizamisha", Kiingereza nacho kinaokolewa kwa "were sinking". Bila "was", "were", "is" na ndugu zao, "-ing" haijafika.

Ya tatu ni "Because" na wenzake: "although", "when", "while", "if". Hapa kiima kipo, kitenzi kipo, na wakati upo. Kilichoharibu ni lile neno la mwanzo, linaloahidi sehemu nyingine ambayo haikuja. Liondoe, utaona kilichobaki kinasimama: "No ship can sail from the sea to Lake Tanganyika."

Hatua ya nne: tengeneza, lakini uliza kwanza kinaegemea wapi

Kipande chenye "Because" kina mtego ambao mtu mwenye haraka haoni. Wengi wakikikuta wanafuta nukta iliyotangulia na kukigandisha kwa sentensi ya nyuma. Jaribu hapa: "The Liemba was built in Germany in 1913 because no ship can sail from the sea to Lake Tanganyika." Sarufi imekaa vizuri, lakini habari imekuwa uongo. Meli haikujengwa Ujerumani kwa sababu hakuna njia ya maji kutoka baharini. Kukosekana kwa njia ya maji ndiko kulikofanya ifunguliwe vipande na kufungwa kwenye makasha. Kwa hiyo kinaegemea mbele:

> Because no ship can sail from the sea to Lake Tanganyika, it was taken apart and sent to Kigoma in crates.

Nukta imegeuka mkato, basi. Kompyuta haikusaidii hapa. Inaweza kukipigia mstari kipande, lakini haijui meli ilifikaje Kigoma.

Vingine viwili ni kazi ya dakika moja. "Its own crew sinking it" inakuwa "Its own crew sank it". "Was raised" inakuwa "It was raised". Angalia tu usitengeneze kosa moja kwa kuleta jingine: sentensi mbili kamili haziunganishwi kwa mkato mtupu. "Its own crew sank it in July 1916, it was raised in 1924." ni kasoro ya upande wa pili, sentensi mbili kwenye kiti kimoja. Tia "and" au "but" baada ya mkato, au rudisha nukta.

Hatua ya tano: kile kilichobaki, kiache au kitengeneze?

"Nearly eight years at the bottom of the lake." Kwa kipimo cha maneno manne kimeanguka kuliko vyote. Hakina kiima, hakina kitenzi. Hata hivyo sikuwa na haraka nacho, na sababu ni jambo lililonipata miaka ya nyuma ambalo bado linaniuma.

Mama mmoja wa Kibirizi, mke wa mvuvi, alikuwa ameandika kisa kwa Kiingereza kuhusu usiku mmoja wa uvuvi wa dagaa. Akaniletea nichape. Palikuwa na sehemu hii: "They pulled the net at four. Nothing. Not one fish." Mimi na kalamu yangu ya mwalimu nikaona vipande viwili, nikavisafisha: "They pulled the net at four and found nothing, not even one fish." Nikachapa, nikampa. Akasoma pale pale amesimama, akanirudishia karatasi. "Baba, hapa umewapa samaki." Nikamwambia hapana, nimeandika hakuna hata mmoja. "Umeandika. Lakini mimi niliwaonyesha wavu mtupu." Sikuwa na jibu. Nikarudisha vipande vyake.

Tangu hapo, kabla sijagusa kipande, najiuliza mambo manne.

La kwanza: kilichokosekana kinapatikana palepale, na ni kimoja tu? Msomaji wa "Nothing." amesoma "They pulled the net" sasa hivi, anajua ni wavu, anajua ni wavuvi, hana pa kupotelea. Msomaji wa "Nearly eight years at the bottom of the lake." ametoka kusoma kwamba meli ilizamishwa, kwa hiyo anajazia mwenyewe "It spent" na kuendelea. Linganisha na kile cha "Because", ambacho hata mimi nilihitaji kujua historia ya meli ndipo nijue kinaegemea mbele au nyuma. Kipande kinachomlazimisha msomaji abahatishe ni kosa, hata kama mwandishi anaapa alikusudia. Hapa ndipo vipande vya majibu vinapopata uhalali wao. "Why did nobody fish that night? Because of the moon." Swali limeshamwekea msomaji sehemu ya kwanza mkononi, na mvuvi yeyote wa Kigoma anajua kwamba mbalamwezi ikiwaka taa za mtumbwini hazivuti dagaa.

La pili: kinafanya kazi gani ambayo sentensi nzima haifanyi? Andika zote mbili, uzisome kwa sauti. "It spent nearly eight years at the bottom of the lake." ni nzuri, inapita taratibu na kuondoka. Kipande kinasimamisha. Miaka inabaki peke yake mbele ya macho, bila meli, bila tendo, kama ilivyokuwa kule chini. Hiyo ni kazi. Sasa jaribu kukata kwingine: "It was raised. In 1924." Hapo nukta haijaleta kitu ila mkwaruzo. Mwaka hauna jambo la kushtua, kwa hiyo haukustahili kukaa peke yake. Kama huwezi kusema kwa neno moja kipande chako kinaleta nini, iwe mshtuko, ukimya, uzito au kejeli, basi kiunganishe.

La tatu: majirani zake ni wazima? Hili naliona kubwa kuliko yote na ndilo linalosahauliwa. Katika aya ya kijana, kipande kile kizuri kilikuwa katikati ya "Its own crew sinking it" na "Was raised". Nani angeamini kwamba kimewekwa kwa makusudi? Msomaji akishakutana na vipande viwili vya bahati mbaya, cha tatu anakihesabia humo humo. Mama wa Kibirizi hakuwa na tatizo hilo, kwa sababu "They pulled the net at four." ni sentensi safi, na nyingine zote za kabla yake zilikuwa safi. Kwa hiyo tengeneza kwanza makosa yote, halafu ndipo ukiangalie kile unachotaka kukiacha. Na viwe vichache. Mimi kwa ukurasa mmoja naruhusu kimoja, viwili vikizidi. Vikiwa vitano ukurasa unaanza kukohoa.

La nne: kinakwenda kusomwa na nani? Barua ya kazi, maombi ya ufadhili, mkataba, ripoti, insha ya mtihani wa kidato cha nne: huko sikiachi hata kile kizuri. Msomaji wa huko ana marundo mezani, anatafuta makosa, na wewe haupo ukamweleze kwamba ulikusudia. Kwenye mtihani nafasi salama ni ndani ya mazungumzo tu, pale mhusika anapojibu "Not yet." au "At Katonga." maana watu ndivyo wanavyosema. Kisa, kipeperushi, tangazo na kichwa cha habari ni uwanja mwingine.

Maandishi ya chini ya picha nayo yana sheria yake. "Fishermen drying dagaa at Katonga" hakuna anayeliita kosa, kama sisi tunavyoandika "Wavuvi wakianika dagaa Katonga" bila kusubiri ikawaje. Picha yenyewe ndiyo sentensi iliyobaki. Ila usilihamishe neno kwa neno kutoka chini ya picha kwenda ndani ya aya, kwa sababu picha haitakwenda nalo.

Aya ilivyotoka

Nilimwita kijana akae karibu, nikamsomea maswali yote manne. Katika lile la tatu akacheka. "Kwa hiyo mwalimu hicho nilichoandika vizuri ndicho sikukijua?" Nikamuuliza kwa nini alikiandika vile. Akasema alisahau kitenzi. Ukweli huo haukibadilishii kipande thamani, maana msomaji hamuoni aliyesahau, anaona karatasi. Lakini sasa alikuwa anajua, na uamuzi ukawa wake.

Kwa wageni tulichapa hivi:

> The Liemba was built in Germany in 1913. Because no ship can sail from the sea to Lake Tanganyika, it was taken apart and sent to Kigoma in crates. Its own crew sank it in July 1916. Nearly eight years at the bottom of the lake. It was raised in 1924 and went back to work in 1927.

Kwa barua ya kazi tuligusa sehemu moja tu:

> Its own crew sank it in July 1916, and it spent nearly eight years at the bottom of the lake.

Kabla sijabonyeza kuchapa alitaka kuongeza jambo ambalo wageni humuuliza kila mara: injini ziliponaje majini miaka yote hiyo? Wajerumani walizipaka grisi nzito kabla ya kuizamisha, maana walikuwa na nia ya kurudi kuichukua. Akaandika mwenyewe, kwa vidole viwili, baada ya sentensi ya kuzamishwa: "Before that they covered the engines in thick grease." Akanitazama. Nikamwambia aipime. Akaanza kwa mdomo, "It is true that before that they covered the engines in thick grease," akaona imesimama. Kisha akauliza kama anaweza kuiweka nukta baada ya "engines" na kuiacha "In thick grease." peke yake.

Nikamuuliza inaleta nini.

Akafikiri, akaiunganisha tena, akasema tuchape.